Tuma au tuna? Ukumbusho wa bili ya maji kwa Hajati

*Naishi Walukuba hapa Jinja. Nyumba nne tunatumia mita moja ya maji, na mimi ndiye ninayekusanya pesa. Jirani mmoja, mama mtu mzima tunayemwita Hajati, hajamaliza sehemu yake. Nilimwandikia hivi nikiwa juu ya boda, halafu nikasita kutuma: "hajat mambo bili ya majo imetoka tena ww peke ako ndo ujalipa tuna 33000 haraka jmos wanakata nlipe mim wote kila mwez nimechoka". Bili ya mwezi wa 2 ni 92,400, tuko watu 14, kwake ni watu 5. Alishanipa 10,000 mkononi. Tarehe ya mwisho kwenye bili ni Jumamosi tarehe 28. Simu yake ni ile ndogo ya batani. Niunyooshe vipi?*

Ulifanya vizuri kusita, na wala si kwa sababu ya "majo". Kosa la "majo" Hajati angelisamehe hapo hapo, maana kila mtu anajua ni maji. Kosa kubwa katika ujumbe wako limeandikwa sawasawa, tarakimu zote zipo: ni hiyo 33000. Mwenyewe unasema alishakupa 10,000. Basi anachodaiwa ni 23,000, na ujumbe ungemfikia ukimdai pesa ambayo aliitoa kwa mkono wake. Mtu mzima akidaiwa mara ya pili alichokwisha kulipa, hataona tena herufi zilizokosewa. Ataona kwamba hukumbuki alichokupa, na mwezi ujao atataka shahidi.

Kwa hiyo tuanze na hesabu, maneno yatafuata. Chukua bili yenyewe, usiamini kumbukumbu. Tazama kama hiyo 92,400 ni ya mwezi huu peke yake au ndani yake kuna deni la nyuma. Bili ya maji huonyesha usomaji wa mita wa mwezi uliopita na wa sasa, yuniti zilizotumika, ada ya huduma, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na deni la nyuma kama lipo. Ada na kodi mnagawana wote, hakuna ubishi. Deni la nyuma ni jambo jingine kabisa. Kama mwezi uliopita Hajati alimaliza na nyumba nyingine haikumaliza, ukigawa jumla yote kwa watu 14 utakuwa umembebesha deni la mwenzake. Deni kama hilo litoe kwanza, umpe mwenye nalo, ndipo ugawe kinachobaki. Nitaendelea nikichukua kwamba 92,400 ni ya mwezi huu tu.

Watu 14 katika 92,400 ni 6,600 kila mmoja, bila kubaki kitu. Kwake watu 5 ni 33,000. Toa 10,000, inabaki 23,000. Sasa angalia jambo ambalo lingeweza kuwagombanisha bila yeyote kuwa na nia mbaya: ukigawa bili hiyo hiyo kwa nyumba nne badala ya watu 14, kila nyumba inatoa 23,100. Ni karibu sawa kabisa na salio lake. Ukimwandikia "imebaki 23,000" bila kuonyesha ilikotoka, na yeye kichwani anagawa kwa nyumba, atadhani hiyo ndiyo sehemu yake nzima. Atajibu kwamba alishatoa 10,000, na atakuletea 13,000 akiwa na moyo mweupe kabisa. Ndiyo maana nasisitiza njia ya hesabu ionekane ndani ya ujumbe, tena kwa mpangilio ule ule uliouhesabia: jumla, watu, kila mtu, nyumba yake, alichotoa, kilichobaki.

Sasa maneno. Yapo matatu ambayo ningeyarekebisha hata kama usingekuwa na muda wa kugusa kitu kingine.

La kwanza ni "tuna". Ulitaka kuandika "tuma". Kwenye simu ya kioo N na M zinakaa jirani. Kwenye simu ya batani ni hatari zaidi, kwa sababu M, N na O zote ziko kwenye batani ya 6: ukibonyeza mara moja unapata M, mara mbili unapata N. Kidole kikiteleza mara moja tu, "tuma 33000" inakuwa "tuna 33000", yaani pesa tunayo. Na simu haiwezi kukusaidia hapo hata ikijua Kiswahili, kwa sababu maneno yote mawili ni sahihi. Hili limenipata mimi mwenyewe miaka ya nyuma, nilipokuwa nakusanya pesa za maji kwenye ua tuliokuwa tukiishi. Nilimwandikia jirani "tuna elfu ishirini", akaelewa kwamba elfu ishirini imeshapatikana na kilichobaki ni mimi kwenda kulipa. Akakaa siku tano. Mimi nikawa namnunia, yeye hajui kakosa nini. Tangu siku hiyo neno "tuma" silitumii kwenye ukumbusho wa pesa. Naandika "naomba niipate", ambayo hata ikikosewa herufi moja haigeuki kuwa kinyume chake.

La pili ni "ujalipa". Wengi wetu tunaitamka hivyo, H inapotea mdomoni, na sikio linaelewa kwa sababu ya sauti na uso wa msemaji. Kwenye maandishi H hiyo ndiyo inayobeba ukanusho. "Hujalipa" ni hujalipa. "Ujalipa" si neno, na anayesoma haraka anaweza kulijaza apendavyo, hata akasoma "umelipa". Vivyo hivyo kwa "awajaleta" na "atujapata". Kama huna hakika na H zako, soma sentensi ukiwa umeiweka kwenye mimi: "sijalipa". Kama maana inasimama kwa SI, basi kwa nafsi nyingine lazima H iwepo: hujalipa, hajalipa, hatujalipa, hamjalipa, hawajalipa.

Lakini hata ukiirudisha H, nakushauri usimwandikie Hajati "hujalipa". Neno hilo linamweka yeye mbele na kosa mgongoni. Kiswahili kinakuruhusu kuiweka pesa mbele badala ya mtu: "imebaki 23,000", "haijanifikia", "sijaiona bado". Anayezungumziwa hapo ni pesa. Huenda aliituma ikakwama, huenda alimpa mtoto alete na mtoto kasahau. Umemwachia mlango wa kutokea bila aibu, na hujaficha kitu: kiasi kinachodaiwa kiko pale pale kwa tarakimu. Watu hudhani heshima ni kuzungukazunguka, "nilikuwa naulizia tu kama labda". Hapana. Mzee anayezungushwa kuhusu pesa anachukia kuliko anayeambiwa kiasi waziwazi kwa lugha ya upole.

La tatu ni "nlipe mim wote". Hapa sarufi na hasira zimegongana. Kumlipa mtu ni kumpa pesa yeye, na kumlipia mtu ni kutoa pesa kwa niaba yake. Ulichotaka kusema ni "niwalipie wote", ulichoandika ni kama unataka kuwapa wote pesa. Tena "nilipe" lina sura mbili. "Nilipe kesho" inaweza kuwa mimi ndiye nitakayelipa, na inaweza kuwa amri, wewe unilipe mimi. Utalihitaji jambo hili hata baada ya kutuma, kwa sababu Hajati anaweza kukujibu kwa neno hilo hilo: "basi nilipe ijumaa". Usibahatishe. Muulize kwa upole, "Utaniletea Ijumaa, au nikulipie kwanza?" Ni maneno machache, na yanaokoa wiki nzima ya kuviziana mlangoni.

Sehemu hiyo yote ya "nlipe mim" hata hivyo ningeitoa, pamoja na "tena", "peke ako" na "nimechoka". "Tena" moja tu inatosha kugeuza taarifa kuwa lawama: bili imetoka, bili imetoka tena. Na "wewe peke yako ndio hujalipa" inamwambia kwamba umekaa na majirani wengine mkahesabiana. Hata kama ni kweli, si lazima aijue kupitia simu ambayo huenda mjukuu wake ndiye anayemsomea. Hili la kusomewa lifikirie kwa uzito. Ukumbusho kwa mtu mzima mwenye simu ndogo mara nyingi husomwa kwa sauti, sebuleni, mbele ya watoto. Andika kitu ambacho mtoto anaweza kumsomea bibi yake bila kushusha sauti.

"Jmos wanakata" nayo nina shaka nayo. Jumamosi ndiyo tarehe ya mwisho ya kulipa kwenye bili. Hiyo ndiyo unayoijua. Kwamba watakuja kukata siku hiyo hiyo umeongeza wewe kwa haraka yako, na Jumamosi ikipita maji yakiendelea kutoka, ukumbusho wako wa mwezi ujao hautaaminika. Tumia tarehe unayoweza kumwonyesha kwenye karatasi. Na usimwombe Jumamosi yenyewe. Mwombe Alhamisi tarehe 26 jioni, ili Ijumaa ulipe ukiwa na siku moja mkononi kama mtandao wa simu ukisumbua. Hapa chunga neno "kabla". "Kabla ya Alhamisi" kwa mwingine ni mwisho Jumatano, kwa mwingine Alhamisi yenyewe bado ni sawa. "Kufikia Alhamisi tarehe 26 jioni" haina njia mbili. Siku iandike na tarehe yake pamoja: ukikosea kimoja, kingine kitakusahihisha, naye ataona hazilingani na kukuuliza.

Salamu sasa. "Mambo" ni ya rika lako. Kwa Hajati andika "Habari za asubuhi Hajati", na kama wewe pia ni Mwislamu anza na "Asalaam aleikum", maana ndiyo angeitarajia kwako. Jina lake la heshima liandike kamili na kwa herufi kubwa mwanzoni. Kukata I ya mwisho katika "Hajat" ni kitu kidogo, lakini mtu aliyekwenda Makka analiona jina hilo.

Ukiweka yote haya pamoja inatoka hivi:

"Habari za asubuhi Hajati. Bili ya maji ya mwezi wa 2 ni 92,400. Tuko watu 14, kila mtu 6,600. Nyumbani kwako watu 5 ni 33,000. Ulishanipa 10,000, imebaki 23,000. Naomba niipate kufikia Alhamisi tarehe 26 jioni, nikalipe Ijumaa. Ukipenda nitapita kuichukua. Asante."

Tazama koma ndani ya namba. Ni ndogo lakini kazi yake kubwa. 23000 na 230000 kwa macho ya haraka vinafanana, hasa kwenye kioo kidogo chenye mwanga hafifu. 23,000 na 230,000 havifanani. Kama bado unaogopa, andika salio peke yake kwa maneno pia, "elfu ishirini na tatu", na zile nyingine uziache kwa tarakimu. Ukiziandika zote kwa maneno, ujumbe unakuwa barua na hesabu inapotea.

"Ukipenda nitapita kuichukua" sikuiweka kama pambo. Alikupa zile 10,000 mkononi, maana yake huenda kutuma kwa simu si desturi yake. Ukimlazimisha njia asiyoizoea, umempa sababu ya kuchelewa. Ikiwa anatuma kwa simu, na laini unayokusanyia si hii unayomwandikia, ongeza namba hiyo na jina litakalotokea kwake kabla hajaweka namba ya siri. Majirani wengi wanatujua kwa jina la mtoto au la utani, na wakiona jina la kwenye kitambulisho wanaogopa na kuacha. Ada ya kutoa usimdai. Pesa ikishaingia kwenye simu yako unaweza kulipia bili moja kwa moja kupitia *165# ya MTN au *185# ya Airtel bila kupita kwa wakala, na hivyo unaepuka ada ya kutoa pamoja na ile kodi ya asilimia 0.5 inayokatwa pesa inapotolewa. Kwa 23,000 kodi hiyo ni shilingi 115, si kitu. Lakini ukimwambia Hajati aongeze "na ya kutoa" halafu usitoe, hiyo 115 itakuwa hadithi ya mtaa.

Kuhusu urefu, ujumbe huo una herufi 264 ukihesabu nafasi na alama zote. SMS moja hubeba 160, na ikizidi hapo inakatwa vipande vya 153 kila kimoja. Kwa hiyo utalipia SMS mbili, na simu nyingi zitaziunganisha zionekane kama moja. Hiyo ni sawa. Kitakachokuharibia ni kuongeza picha ya mikono iliyokunjwa au kiuso cha tabasamu. Ukiweka kimoja tu, ujumbe mzima unabadilishiwa mfumo wa herufi, na kila kipande kinabeba 67 badala ya 153. SMS zako mbili zinakuwa nne, na kwenye baadhi ya simu ndogo kile kiuso kinaonekana kama kisanduku kitupu au alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza mwishoni mwa "imebaki 23,000" inaleta maana nyingine kabisa. Hata ile ritifaa iliyopinda ambayo simu za kioo huiweka zenyewe kwenye maneno kama ng'ombe inafanya hivyo hivyo. Ujumbe wetu hauna neno la namna hiyo, lakini ukiongeza lako liangalie.

Jumanne asubuhi ndiyo ningeituma, baada ya watu kwenda kazini na nyumba kutulia. Ukiituma jioni ubadilishe na salamu. Watu husahau, na "habari za asubuhi" inayofika saa mbili usiku inaonyesha kwamba ujumbe umenakiliwa mahali.

Kabla ya kubonyeza, isome kwa sauti mara moja, polepole, kidole kikipita chini ya kila namba, huku bili iko pembeni. Usitafute makosa yote kwa pamoja. Mara ya kwanza tazama namba tu. Mara ya pili tazama maneno yenye H, M na N. Kisha tazama jina la anayetumiwa juu ya kioo, kwa sababu ujumbe mzuri wa Hajati ukienda kwa jirani mwingine, umemtangazia deni la mwenzake.

Akibisha idadi ya watu, kwamba mjukuu alikuwepo wiki moja tu, au mtoto mchanga hahesabiwi, usijibu kwa SMS. Hayo hayamalizwi kwa vidole. Mwambie, "Sawa Hajati, nitapita jioni na bili tuiangalie pamoja." Ukifika huko na mkakubaliana watu ni 4, kumbuka mgao wote unabadilika: mtakuwa 13, kila mtu 7,107 na kidogo, na nyumba nyingine tatu lazima zijulishwe. Ndiyo maana idadi ya watu mnakubaliana kabla bili haijatoka.

Jumatano ikifika jioni bila jibu, tuma ukumbusho wa pili mfupi zaidi, usiwe mkali zaidi. Huu una herufi 154, unaingia kwenye SMS moja:

"Habari Hajati. Maji mwezi wa 2: nyumba yako 33,000, ulishatoa 10,000, imebaki 23,000. Naomba niipate Alhamisi tarehe 26 jioni. Hesabu yote ninayo. Asante."

Ukiutuma siku hiyo hiyo ya Alhamisi, badilisha "Alhamisi tarehe 26 jioni" iwe "leo jioni". Nimeona watu wakituma tarehe iliyokwisha pita kwa sababu walinakili bila kusoma.

Na akikupa, hata kama ni mkononi na mmeonana uso kwa uso, mwandikie papo hapo ukiwa bado mlangoni kwake: "Nimepokea 23,000 Hajati, maji ya mwezi wa 2 umemaliza. Asante sana." Zile 10,000 za mwanzo hukuziandikia, ndiyo maana zilitaka kukuponyoka ulipokuwa juu ya boda.